Mzazi akiomba kupunguziwa saa za kazi, mwajiri anaweza kukataa kwa sababu gani?

Kabla jua halijachomoza vizuri, matatu zinazoteremka kutoka mjini Machakos kwenda Athi River huwa zimeshajaa watu wa viwandani. Zinapita Kyumvi, zinaingia barabara kuu ya Mombasa, na abiria wanashuka karibu na malango ya eneo la EPZ, viwanda vya saruji na maghala ya Mavoko. Wengi wao ni wazazi waliomwacha mtoto akiwa bado usingizini kwa nyanya, kwa jirani au kwenye kituo cha kulelea watoto. Wengine wamemwacha mzazi mzee huko Mwala au Kathiani, ambaye hawezi kuamka kitandani bila kushikwa mkono.

Siku moja mmoja wao hulazimika kuomba jambo ambalo mkataba wake haukulitaja: aingie kazini baadaye siku fulani, atoke mapema, au apunguziwe saa na mshahara upungue kwa kiasi hicho. Jibu analopata mara nyingi ni la mdomo, linatolewa akiwa amesimama, nalo ni fupi: haiwezekani.

Makala haya yanahusu jibu hilo. Lipo "haiwezekani" lenye haki, ambalo hata mahakama ingeliheshimu, na lipo lisilo na miguu ya kusimamia. Mfanyakazi anayejua tofauti yake ataandika barua bora, na mwajiri anayeijua ataepuka kesi.

Sheria inasema nini, na inanyamaza wapi

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Likizo ikiisha, sheria hiyo haina kifungu kinachompa mzazi au mlezi haki ya kuomba kubadilishiwa saa, wala kinachomlazimu mwajiri kujibu ombi hilo kwa maandishi ndani ya muda fulani. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri apange saa za kazi na kumpa kila mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Amri ya jumla ya mishahara inaweka kikomo cha saa 52 za kawaida kwa wiki, zilizogawanywa katika siku 6. Ndani ya mipaka hiyo, mpangaji ni mwajiri.

Haki moja inayofanana na saa nyepesi imeandikwa waziwazi katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Mama anayenyonyesha anapaswa kupewa muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na mapumziko ya chakula, usiozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi na unalipwa, na unajumuisha dakika za kwenda kwenye chumba cha kunyonyeshea na kurudi. Mwajiri hakuachiwa hiari ya kukubali au kukataa. Hata hivyo, kwa mama wa Machakos anayefanya kazi Athi River, saa hiyo inatosha kukamua maziwa tu, kwa sababu mtoto yuko mbali na hawezi kumfikia akarudi kwa wakati.

Ukimya wa Sheria ya Ajira haumaanishi kwamba mwajiri anaweza kukataa vyovyote apendavyo. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Ibara ya 53 inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, na inasema wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au la. Ibara ya 57 inawapa wazee haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Kisha kuna kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, kinachokataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi kadhaa, zikiwemo jinsia, ujauzito na ulemavu. Likija dai la ubaguzi, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda hatua moja mbele. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja kwa jina majukumu ya familia kuwa miongoni mwa misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Kenya haijayataja majukumu ya familia hivyo. Kwa hiyo mlezi wa Machakos anayekataliwa hulazimika kupita mlango wa jinsia, wa ulemavu au wa Katiba. Njia ipo, ila ni ndefu.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokipendekeza kwa kila anayesoma jibu la mwajiri wake. Jiulize kama sababu aliyotoa inaizungumzia kazi au inakuzungumzia wewe. Inayozungumzia kazi inaweza kupimwa, kuhesabiwa na kujibiwa. Inayomzungumzia mtu, uzazi wake, jinsia yake au familia yake, ndiyo inayompeleka mwajiri mahakamani.

Ombi la mshonaji

Tumchukulie mshonaji katika kiwanda cha nguo cha EPZ. Ni mfano, lakini hali yake ni ya kawaida kwa yeyote anayevijua viwanda hivyo. Anaingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula katikati. Jumamosi anafanya kazi saa 5. Jumla ni saa 45 kwa wiki, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 22,500 kwa mwezi. Mtoto wake wa miaka 4 ana mtindio wa ubongo, na kila Jumanne asubuhi anatakiwa kwenye mazoezi ya viungo hospitalini mjini Machakos. Nyanya hawezi tena kumbeba.

Anachohitaji ni asubuhi ya Jumanne, yaani saa 4, tangu saa 2 hadi saa 6 mchana. Baada ya mapumziko ya chakula atakuwa mezani pake.

Ana njia mbili za kuomba. Ya kwanza ni kufidia: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa atabaki hadi saa 12 jioni, ili saa 4 zirudi na mshahara usiguswe. Ya pili ni kupunguza: atafanya saa 41 badala ya 45, na mshahara ushuke kwa uwiano huo. Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya 22,500 kwa 45, unapata 500 kwa kila saa moja ya wiki. Zidisha kwa 41, unapata 20,500. Atapoteza shilingi 2,000 kwa mwezi.

Barua yake inapaswa kubeba mambo machache tu, lakini yote yawemo. Aseme anataka kubadilishiwa nini, siku gani na saa ngapi, kuanzia tarehe gani. Aseme sababu, na aambatanishe kadi ya kliniki ya mtoto inayoonyesha siku za mazoezi. Aeleze jinsi kazi yake itakavyofanyika wakati hayupo, maana hili ndilo wengi hulisahau, na ndilo msimamizi atakaloliuliza kwanza. Aziweke njia zote mbili, ile ya kufidia na ile ya kupunguza, ili mwenye kukataa moja asiwe amekataa zote. Apendekeze majaribio ya miezi 3, kisha wakae tena. Mwisho aombe ajibiwe kwa maandishi kufikia tarehe aliyoitaja, na nakala ya barua isainiwe na aliyeipokea.

Kabla ya kuandika, asome mkataba wa pamoja kama chama chake kina makubaliano na kiwanda. Katika sekta hii chama ni kile cha washonaji na wafanyakazi wa nguo. Kilichoandikwa katika mkataba wa pamoja huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi unaomhusu, na huenda suala la saa au ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali tayari limo humo.

Sababu nne zenye uzito

Waingereza wameishi na sheria ya jambo hili tangu mwaka 2003. Ilianza na wazazi wa watoto wadogo na wa watoto wenye ulemavu, mwaka 2007 ikawaingiza walezi wa watu wazima, mwaka 2014 ikawa ya wafanyakazi wote, na tangu Aprili 2024 mtu anaweza kuomba tangu siku yake ya kwanza kazini. Mwajiri anapaswa kuzungumza na mwombaji kabla ya kukataa, atoe uamuzi ndani ya miezi 2, na akikataa, sababu yake iwe miongoni mwa sababu 8 za kibiashara zilizoorodheshwa. Orodha hiyo haina nguvu Machakos, lakini ni kipimo kizuri, kwa kuwa sababu zote 8 zinaizungumzia kazi. Nitachukua nne zinazogusa kiwanda chetu.

Ya kwanza ni kwamba hakuna wa kuziba pengo. Katika kiwanda cha nguo sababu hii si ya kupuuza. Suruali haishonwi na mtu mmoja. Inapita kwenye laini ya mashine zilizopangwa kwa kufuatana, na kila mshonaji ana kazi moja: huyu anashona mfuko, yule anaweka zipu, mwingine anaunga miguu, wa mbele yake anashika kiuno. Vipande hufungwa kwa bando na kusogezwa kutoka mashine hadi mashine. Mashine moja ikikosa mtu, bando zinarundikana mbele yake, na walio baada yake wanakaa mikono mitupu. Ndani ya muda mfupi laini nzima imesimama kwa sababu ya kiti kimoja.

Swali la kumuuliza meneja ni hili: mshonaji akiugua leo, mnafanyaje? Kila kiwanda kina jibu. Kuna washonaji wanaojua kazi zaidi ya moja, wanaohamishwa kuziba mapengo. Ugonjwa huja bila taarifa, ilhali Jumanne asubuhi ya mama huyu inajulikana mwaka mzima. Inayoweza kuzibwa kwa dharura inaweza kuzibwa kwa ratiba. Lakini ikiwa yeye na mwenzake mmoja tu ndio wanaoijua mashine ile, na mwenzake yuko likizo ya uzazi, basi sababu ya meneja ni ya kweli. Hata hivyo ukweli huo una mwisho. Mtu mwingine anaweza kufundishwa. Jibu la haki hapo ni kwamba haiwezekani sasa hivi na ombi litaangaliwa tena tarehe fulani. Pengine pia ahamishiwe sehemu isiyofungamana na laini, kama kukata nyuzi, kukagua au kupakia.

Ya pili ni kwamba saa alizopendekeza hazina kazi. Laini inazimwa saa 11 jioni. Mshonaji mmoja akibaki hadi saa 12, anahitaji umeme, msimamizi na mlinzi, na bando za kushona lazima ziwe zimemfikia kutoka kwa wenzake ambao wameshaondoka. Kwa njia ya kufidia, hii ni sababu halali kabisa, nami ningekuwa meneja ningeitoa. Lakini tazama inagusa nini. Inaifunga njia ya kufidia peke yake, na njia ya kupunguza saa haikuguswa hata kidogo. Ndiyo maana mama yule aliziandika zote mbili. Mwajiri anayetumia sababu ya njia moja kuzikataa njia zote hajamjibu.

Ya tatu ni gharama. Neno hili hutajwa upesi sana na huhesabiwa mara chache sana. Tuhesabu. Chukua hali mbaya, kwamba saa 4 za Jumanne inabidi zifanywe na mwenzake mwenye mshahara kama wake, kwa malipo ya ovataimu. Amri ya jumla ya mishahara inaipata saa ya ovataimu kwa kuanzia na mshahara wa mwezi uliogawanywa kwa 225, na siku ya kawaida ovataimu hulipwa mara moja na nusu. Gawanya 22,500 kwa 225, ni shilingi 100. Mara moja na nusu ni 150. Saa 4 ni shilingi 600 kwa wiki, au kama 2,600 kwa mwezi ukihesabu wiki 4 na theluthi. Kiwanda kimeokoa 2,000 kwenye mshahara wa mama. Mzigo halisi ni kama shilingi 600 kwa mwezi.

Kwa kiwanda chenye mamia ya mashine, kumwambia mama wa mtoto mgonjwa kwamba shilingi 600 ni mzigo usiobebeka ni vigumu kusimama nalo mbele ya hakimu. Kwa duka lenye wahudumu wawili mjini Machakos, mambo ni tofauti. Mmoja akitoka asubuhi, mwenzake hawezi kuacha kaunta aende kupokea mzigo au kupumzika, na kumwajiri wa tatu kwa nusu siku ya wiki ni gharama inayoonekana kwenye faida. Sababu ileile inaweza kuwa kisingizio kwa mkubwa na ukweli kwa mdogo, na namba ndizo zinazoamua.

Ya nne ni mteja na ubora wa kazi. Kiwanda cha nguo za kuuza nje kina tarehe za kusafirisha mzigo. Oda ikichelewa, mnunuzi anaweza kudai punguzo au mzigo ukalazimika kwenda kwa ndege badala ya meli. Mwajiri akisema kwamba katika wiki za mwisho za oda hawezi kumpunguza mtu yeyote, na akazitaja wiki zenyewe, amesema jambo la haki. Anachoweza kukataa ni wiki hizo. Hawezi kuukataa mwaka mzima kwa ajili yake, isipokuwa aonyeshe kwamba oda hazina mapumziko kabisa.

Sababu ya ubora au usalama inahitaji uthibitisho kuliko zote, kwa kuwa inasikika nzito hata ikiwa tupu. Rubani wa kike wa shirika la ndege la British Airways, Jessica Starmer, aliyekuwa na mtoto mchanga, aliomba kufanya nusu ya saa zake. Shirika likamkubalia robo tatu tu, likitaja upungufu wa wafanyakazi na pia usalama, kwamba rubani mwenye saa chache angani anahitaji kuruka zaidi. Baraza la kazi liliuliza ushahidi wa hatari hiyo uko wapi, na halikuridhika. Mwaka 2005 rubani alishinda kwa hoja ya ubaguzi usio wa moja kwa moja wa jinsia, na rufaa ya shirika ikashindwa. Kama neno usalama halikutosha bila ushahidi kwa mtu anayeendesha ndege, halitatosha kwa mtu anayeweka zipu.

Majibu yasiyosimama

Kuna majibu yanayosikika kila siku ambayo hayamo katika orodha yoyote ya haki.

Linalovuma zaidi ni kwamba akipewa huyu, wote wataomba. Hilo halielezi chochote kuhusu Jumanne ya mama huyu. Ombi la mtu hupimwa kwa kazi yake na nafasi yake. Wa kumi akija, na ikawa kweli hakuna tena wa kuziba, mwajiri atakuwa na sababu ya kumwambia huyo wa kumi. Hawezi kuikopa leo sababu ambayo haijafika.

La pili huelekezwa kwa akina baba: mtoto ana mama yake. Baba aliyefiwa na mke, au ambaye mkewe anafanya kazi ya zamu hospitalini, akiomba kutoka mapema siku mbili kwa wiki, huambiwa kulea ni kazi ya wanawake. Ibara ya 53 ya Katiba imeshasema wajibu ni sawa. Meneja anayemruhusu mama na kumkatalia baba katika hali ileile, kwa kazi ileile, amembagua kwa jinsia, na kifungu cha 5 kinamkamata sawasawa na angekuwa amemkatalia mwanamke.

La tatu ndilo chungu zaidi: kama huwezi kazi, andika barua ya kuacha. Wapo wanaoandika siku hiyohiyo kwa hasira au kwa aibu. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwaka 2015, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coca Cola, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mfanyakazi anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa hata kama ndiye aliyeandika barua, iwapo mwajiri alivunja msingi wa mkataba hadi akalazimika kuondoka. Lakini mzigo wa kuthibitisha hilo ni wa mfanyakazi, na barua ya kuacha kazi isiyotaja sababu huufanya kuwa mzito maradufu.

Panapoharibika

Maombi mengi huharibika baada ya kukubaliwa. Msimamizi wa laini, mtu mwema, anamwambia mama: sawa, Jumanne nenda, tutaelewana. Hakuna karatasi. Miezi inapita salama, kisha msimamizi anahamishwa, anakuja mwingine anayesoma rejista ya mahudhurio tu. Anaona Jumanne baada ya Jumanne mtu hayupo asubuhi. Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni miongoni mwa makosa makubwa yaliyotajwa katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa papo hapo.

Dawa yake imo katika sheria. Kifungu cha 10 kinataka saa za kazi ziandikwe kwenye mkataba, na zikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo omba barua yenye saa mpya, mshahara mpya, tarehe ya kuanza, na sentensi inayosema kwamba miaka ya utumishi na haki ya likizo ya mwaka zinaendelea. Kifungu hicho kinamlinda mfanyakazi pia dhidi ya upande wa pili: mwajiri hawezi kumpunguzia saa na mshahara kwa uamuzi wake peke yake, eti kwa sababu siku moja aliomba.

Barua haikupatikana na sasa umeitwa kujieleza? Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Nenda na nakala ya ombi lako, kadi za kliniki zenye tarehe za Jumanne, na ujumbe wowote wa simu ambao msimamizi alikujibu. Kadi yenye muhuri wa kila Jumanne inaonyesha kwamba hukuwa mtoro.

Ukifukuzwa, malalamiko kwa afisa wa leba yawasilishwe ndani ya miezi 3. Kesi ya mkataba wa kazi kwa kawaida ina kikomo cha miaka 3. Kwa mtu ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, si lazima kesi ianzie katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa sababu tangu mwaka 2018 mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo wanaweza kuisikiliza. Mahakama ikiona ulifukuzwa isivyo haki, fidia yake inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Lakini kesi huja baada ya kazi kupotea, na mtoto hangoji hukumu. Kinachokosekana Kenya ni hatua ya kabla: kifungu kimoja katika Sheria ya Ajira kitakachompa mzazi na mlezi haki ya kuomba kwa maandishi, kumpa mwajiri muda maalumu wa kujibu, na kumtaka akikataa ataje sababu ya kikazi na aonyeshe hesabu yake. Kifungu hicho hakitamlazimisha mwenye duka la watu wawili kufunga kaunta, wala kiwanda kusimamisha laini wiki ya kusafirisha mzigo. Kitalazimisha jibu litolewe kwa maandishi na kwa sababu. Wabunge wa maeneo bunge 8 ya Machakos, ambao wapiga kura wao ndio wanaojaza matatu za Athi River kila asubuhi, wana kila sababu ya kuwa wa kwanza kukipeleka bungeni. Hadi hapo, mfanyakazi aandike ombi lake, na mwajiri amjibu kwa maandishi.